Maswali Manne ya Bi Penseli

Ukila meza moja na mke wa kaka yangu, usitoe kauli usiyoweza kuisimamia. Kaka ni fundi makanika aliyestaafu. Siku moja, katikati ya chakula cha mchana, alisema kwamba siku hizi watu hawaheshimu kazi za mikono. Mke wake akaweka kijiko chini, akamwuliza hizo siku hizi zimeanza lini, watu hao ni akina nani, na yeye amejuaje. Kaka akatafuna nyama yake muda mrefu kuliko nyama yenyewe ilivyohitaji. Mwishowe akakiri kwamba labda alimaanisha mteja mmoja tu, yule mwenye lori. Mkewe akaridhika, tukaendelea kula.

Shuleni wanamwita Bi Penseli, kwa sababu daima ana penseli aliyoichomeka kwenye nywele juu ya sikio, na mara nyingine zinakuwa mbili, ya kwanza akiwa ameisahau. Mimi namwita shemeji. Tunafundisha shule moja, yeye lugha, mimi jiografia, na meza zetu zimegusana katika chumba cha walimu kwa miaka kumi na tisa. Msidhani namsifu kwa undugu. Ni mbishi, huacha chai yake ipoe halafu analalamika kwamba chai imepoa, na akishika jambo halegezi. Lakini kwa kazi simwoni wa kumlinganisha naye, na ninayotaka kusimulia ni juu ya wiki aliyoharibu kazi vibaya, na jinsi alivyoirekebisha mbele ya macho yetu.

Pale kwetu kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika insha ya uchunguzi. Anachagua jambo moja la mtaani kwao, analichunguza muhula mzima, kisha anaandika kurasa kumi. Asiyepasi insha hasajiliwi kufanya mtihani wa mwisho. Anarudia mwaka. Mambo yalikuwa hivyo tangu mimi ni kijana mwenye nywele, na hayakumsumbua mtu.

Mwaka huo insha zilikuja zimenyooka kupita kiasi. Watoto ambao darasani hawamalizi sentensi walileta aya zilizopigwa pasi. Kila mtu alikuwa na maelezo yake: simu, binamu walioko chuoni, mitambo inayoandika kwa niaba ya mtu. Mwalimu wa taaluma, ambaye hupenda jambo liishe kabla halijaanza, alitoa amri moja. Kila mwanafunzi ataulizwa maswali ya mdomo juu ya insha yake, na atakayepata chini ya nusu, insha yake inafutwa. Maswali akampa Bi Penseli ayatunge, na hapo shemeji alikuwa na rundo la madaftari hadi kidevuni.

Aliyatunga maswali matano alasiri moja, yale yale kwa wote thelathini na mmoja. Insha yako inaitwaje na ina sehemu ngapi. Taja sababu tatu ulizozitoa. Eleza maana ya neno hili, nalo ni neno gumu lililochaguliwa kwenye insha. Ulipendekeza nini mwishoni. La tano lilihusu mada kwa ujumla, kwa mfano aliyeandika juu ya mitaro aliulizwa faida za mitaro. Mwanafunzi alisimama mbele ya meza bila karatasi. Shemeji aliuliza, mwalimu wa taaluma aliandika alama, na mimi nilishika saa. Kila swali lilikuwa na sekunde ishirini. Zikiisha, nilikuwa nagonga meza kwa kalamu. Naona aibu kuyaandika haya, lakini nilikuwa nagonga kwa raha, nikajiona kama refa.

Kijana mmoja wanamwita Redio. Ana sauti nzuri na hana haya, ukimwasha anatangaza. Insha yake ilihusu sababu za maduka ya mtaa wa juu kufungwa mapema. Alijibu matano yote bila kuvuta pumzi, sababu zikatoka kwa mpangilio ule ule wa kwenye karatasi. Kumi kwa kumi. Mwalimu wa taaluma alimpa mkono.

Baada yake akaja binti wanayemwita Kimya. Jina linajieleza. Miaka minne nilimfundisha na sauti yake naijua kwa kuitikia mahudhurio tu. Insha yake ilihusu mafuriko ya barabara iliyo nyuma ya soko, na ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililotufanya tumtilie shaka. Alipoulizwa sababu tatu, akainua macho juu, akafungua mdomo, akaufunga. Niligonga. Alipoulizwa mapendekezo yake, alianza kusema kwamba mwanzoni aliandika hivi, halafu akabadilisha, halafu. Niligonga. Alitoka na tatu kwa kumi. Bi Penseli alisaini fomu ya kupendekeza insha ifutwe, na fomu ikaenda kwenye faili la kamati itakayokaa Ijumaa ya wiki inayofuata.

Kesho yake mama wa Kimya alikuja. Ni mfuaji wa nguo katika nyumba ya wageni, mikono yake imenyauka kwa sabuni. Hakupiga kelele. Alisema kwamba muhula mzima mtoto alikuwa anatoka kwenye mvua na kijiti cha kupimia na kurudi amelowa chapachapa, na kwamba yeye alimkemea akidhani kuna mvulana. Mwalimu wa taaluma akamjibu kwa upole kwamba kila mzazi ana hadithi kama hiyo. Mama alipoondoka, niliona penseli imehama kutoka kwenye nywele kwenda mdomoni, na mtu anayemjua angejua kwamba kuna kitu kinamtafuna.

Kilichofuata kilitoka mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Insha zote, baada ya kuandikwa kwa mkono, huchapwa na dada mmoja wa ofisi ndogo karibu na stoo, mpiga chapa wetu. Ni mtu wa vichekesho, vidole vyake ni vyepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Saa ya chai alikuwa amekaa nasi, akaiona karatasi ya maswali mezani, akaisoma huku akimung'unya andazi. Akasema haya maswali hata yeye angeyajibu.

Nikamcheka. Shemeji hakucheka. Alimtaka ajibu, kwa insha ya Redio.

Dada akafuta vidole, akaanza. Akataja kichwa cha insha, sehemu nne, sababu tatu kwa mpangilio wake, na mapendekezo mawili. Neno gumu alilieleza kwa sababu maana yake ilikuwa imeandikwa katika sentensi iliyofuata. Alisema insha ile aliichapa mara mbili kwa sababu umeme ulikatika kabla hajaihifadhi. Nilipiga hesabu: tisa kwa kumi. Kisha shemeji akamwuliza jambo moja tu la ziada, kwamba kwa maoni yake, hoja ya insha hiyo ni ya kweli?

"Mimi nitajuaje, mwalimu?" dada akasema. "Mimi nimeichapa, sijaisoma."

Shemeji akanigeukia. Akaniuliza lile swali la tano la Kimya, faida za mitaro. Nikazitaja nne bila kufikiri, maana ndiyo kazi inayonilipa mshahara. Akaniuliza kama nimewahi kuisoma insha ya Kimya. Nikasema hapana. Basi tukakaa hivyo, watu watatu na sahani ya maandazi. Mtu ambaye hakuelewa insha alikuwa amefaulu, na mtu ambaye hakuwahi kuiona alikuwa amefaulu. Aliyeanguka ni yule aliyelowa mvua.

Nimewahi kuwaona walimu wengi wakigundua kosa lao. Wengi huanza kutafuta wa kumtupia. Shemeji alisimama, akajikung'uta makombo, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya mwalimu wa taaluma, na mimi nikamfuata, kwa sehemu kumuunga mkono na kwa sehemu kwa umbeya.

Alisema maswali yake yalikuwa mabovu. Yalipima nani ana kumbukumbu na nani hana woga, hayakupima nani anaielewa kazi yake. Mwalimu wa taaluma akamkumbusha kwamba fomu ameshaisaini.

"Nimesaini upuuzi wangu mwenyewe," akasema. "Nipe siku tano, niwaulize upya."

Yule bwana si mtu mbaya, ila mabadiliko humpa kichefuchefu. Akasema tukimwuliza upya Kimya peke yake, watu watasema tumempendelea. Shemeji akamwambia ndiyo maana atawauliza wote, waliofaulu na walioanguka, maswali manne kila mmoja, muda sawa, na yeye mwalimu wa taaluma aketi pale pale atie alama zake mwenyewe bila kuangalia za mwenzake. Bwana akauliza kama hayo maswali mapya yatatuambia nani hasa aliandika. Nilidhani shemeji atadanganya kidogo ili apate anachotaka. Hakudanganya. Alisema hayatatuambia kalamu ilishikwa na nani. Mtu anaweza kusaidiwa akaelewa, na mtu anaweza kuandika mwenyewe jambo asilolielewa. Yatatuambia kama mwenye insha anaweza kuisimamia, na hicho ndicho kilichoandikwa kwenye kanuni za shule, akayataja maneno yenyewe. Bwana akakuna shingo, akakubali.

Siku mbili zilizofuata, mwisho wa wiki wote, nyumba ya kaka yangu iligeuka kiwanda. Insha zilitandazwa kwenye kochi, kwenye kitanda cha wageni, juu ya friji. Kaka alihamishia kiti chake uani, akasema atarudi ndani serikali ikibadilika.

Shemeji alisoma kila insha mara mbili. Mara ya kwanza aliisoma tu. Mara ya pili alishika penseli akitafuta mahali ambapo mwandishi alilazimika kuchagua: kwa nini alihoji hawa na si wale, kwa nini jambo hili limetangulia, ni nini kimeachwa nje. Hapo ndipo alipochomoa maswali yake. Kwa kila swali aliandika chini yake mistari miwili: jibu la mtu anayeelewa lingesikika vipi, na jibu la mtu aliyekariri lingesikika vipi. Akishindwa kuandika mistari hiyo miwili ikatofautiana, swali alilifuta, maana alisema kama yeye mwenyewe hajui anasikiliza nini, ataishia kusikiliza sauti nzuri.

Kisha yaliyobaki yakaletwa kwenye chujio. Chujio la kwanza lilikuwa dada mpiga chapa, aliyeitwa nyumbani kwa ahadi ya chakula. Yeye alijua maneno ya insha bila kujua mada. Chujio la pili lilikuwa mimi. Nilijua mada, angalau zile za kijiografia, bila kujua maneno. Mada nyingine alimwita kaka kutoka uani, kwa mfano insha ya gereji. Swali ambalo dada alilijibu lilitupwa, kwa kuwa lilikuwa linauliza karatasi imesema nini. Swali nililolijibu mimi lilitupwa pia, kwa kuwa lilikuwa linauliza dunia ikoje. Alitaka swali ambalo linakaa katikati, mahali ambapo karatasi na dunia zinakutana kichwani mwa mtu aliyefikiri.

Kwa insha ya Kimya alikuja na maswali tisa. Mimi peke yangu niliua matatu, nikijidai.

"Shemeji, unaudhi," akaniambia, huku akiyakata.

Dada akaua mawili. Moja tulilitupa kwa sababu lilikuwa mtego, lilimtaka binti akubali kosa ambalo hakulifanya, na shemeji alisema hatutafuti kumnasa mtu. Yakabaki matatu. Juu yake akaongeza moja jepesi la kufungulia, lisilo na alama, la kumwuliza mwanafunzi ni siku gani katika uchunguzi wake anayoikumbuka zaidi. Nikamwuliza la nini swali lisilo na alama. Akasema mtu aliyeingia akitetemeka hupima woga wake kwanza, basi afadhali aupime kwenye swali la bure.

Saa yangu ilipokonywa. Kazi yangu mpya ilikuwa kuandika kila kinachosemwa, neno kwa neno, ili kamati isome majibu na si kuamini alama tu. Mwanafunzi ataketi, insha yake ikiwa wazi mbele yake, na anaruhusiwa kuipekua. Anaweza kunyamaza. Dakika mbili za kunyamaza kwa swali zilikuwa haki yake. Ufasaha wa kuongea haukuwa na alama hata moja.

Redio alikuja Jumatatu. Swali la kufungulia lilimsumbua kidogo, kwani hakuwa na siku anayoikumbuka, lakini akaliruka kwa utani. Kisha shemeji akamwonyesha jedwali lake la maduka manane, akafunika kwa kipande cha karatasi duka moja kubwa kuliko yote. Akamwuliza: hili likiondoka, hoja yake inabaki au inaanguka, na kwa nini. Redio akavuta pumzi, akatangaza aya ya tatu yote. Shemeji akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akauliza swali lile lile kwa maneno mepesi zaidi. Redio akatangaza aya ya nne. Karatasi ilikuwa mbele yake na hakuiangalia hata mara moja, kwa sababu alikuwa nayo yote kichwani. Mara ya tatu aliisukuma karatasi pembeni. Lile tabasamu lake la jukwaani lilimtoka, na nikamwona kijana wa miaka kumi na minane aliyechoka.

"Mwalimu, naijua yote," akasema. "Ila sijui inasema nini."

Nilimwonea huruma kweli. Shemeji hakumkaripia. Alimwambia kwamba hilo ndilo jibu lake mwenyewe la kwanza alilolitoa tangu tuanze kumwuliza, na kwamba ataomba kamati impe nafasi ya kuandika upya, safari hii akienda mwenyewe kwenye hayo maduka.

Kimya alikuja Jumatano, wa mwisho, kwa sababu safari hii tuliwaita kwa herufi za majina ya ukoo. Hebu fikirieni mtoto amekaa siku tatu akiona wenzake wanaingia na kutoka, akijua kwamba kamati inakaa keshokutwa, na kwamba faili tayari lina karatasi inayosema yeye ni mwongo. Aliketi kwenye ukingo wa kiti. Alipoulizwa siku anayoikumbuka zaidi, alisema ni siku mama yake alipomfungia mlango kwa kudhani anatoka kwenda kwa mvulana, naye akapitia dirishani na kijiti chake. Mwalimu wa taaluma akacheka kabla hajajizuia. Binti akasogea nyuma kidogo kwenye kiti.

Niwaeleze insha yake kwa ufupi, maana mimi niliielewa siku ile tu. Nyuma ya soko kuna mtaro, na mvua ikinyesha barabara inajaa. Watu wote husema ni takataka. Kimya hakuamini. Juu ya soko kulikuwa na uwanja wa udongo ambao mwaka uliotangulia ulimwagwa zege ukawa maegesho ya magari. Alipima kina cha maji kwenye mtaro sehemu tatu kila mvua iliponyesha: juu ya maegesho, chini kidogo ya maegesho, na kule sokoni penye takataka. Hoja yake ilikuwa kwamba maji hayazami tena ardhini pale uwanjani, yanateremka yote kwa mpigo, na mtaro unajaa kabla hata ya kuzifikia takataka.

Shemeji akauliza swali lililopita machujio yote mawili. "Nikikulazimisha ufute sehemu moja kati ya hizi tatu ulizopima, ni ipi ambayo ikifutwa insha yako yote inaanguka?"

Binti akainua macho juu, akanyamaza. Mimi nilikuwa sina saa, lakini kalamu ilianza kunitembea vidoleni yenyewe. Mwalimu wa taaluma akajisogeza kwenye kiti, akafungua mdomo. Shemeji akainua kidole kimoja bila kumtazama. Bwana akaufunga. Ule ukimya ulikuwa mrefu, nami nilitambua, nikiwa na moyo mzito, kwamba ni ukimya ule ule nilioukatiza kwa kugonga meza wiki iliyopita. Haukuwa ukimya wa mtu asiyejua. Alikuwa anatembea mtaro mzima kichwani.

"Nilitaka kusema hii ya chini ya maegesho," akasema hatimaye, "kwa sababu ndiyo yenye maji mengi. Lakini hapana. Ni hii ya juu. Nikiifuta ya juu, mtu ataniambia maji yalikuwa mengi tangu huko yanakotoka, na maegesho hayahusiki. Ya juu ndiyo inayoonyesha kwamba kabla ya kufika kwenye zege, maji yalikuwa kidogo."

Miaka ishirini na tatu nafundisha jiografia. Nimewahi kuwasahihisha watu wazima wenye vyeti ambao hawakulijua hilo, kwamba bila kupima pale ambapo tatizo halijafika, huwezi kusema tatizo limeanzia wapi. Niliandika maneno yake, kisha nikayapigia mstari, na sioni aibu kusema hivyo.

Swali la pili akalijibu polepole lakini sawasawa. La mwisho lilikuwa hili: katika insha nzima, ni sentensi ipi ambayo ukibanwa, hauko tayari kuitetea. Kwenye karatasi ya shemeji jibu lililotarajiwa lilikuwa limeshaandikwa. Alitegemea binti ataitaja sentensi ya gharama za kubomoa zege, ambayo kweli ilikuwa dhaifu.

Kimya akapekua. Ukurasa wa sita, wa saba, akarudi wa sita. Akaweka kidole.

"Hii. Nimeandika kwamba mtaro ukisafishwa maji hayatapungua. Mtaro ulisafishwa mara moja tu nilipokuwa napima, na siku hiyo mvua ilikuwa kubwa kuliko zote. Kwa hiyo sijui. Nilipaswa kusema hayakupungua siku ile."

Shemeji akaivuta insha, akaisoma ile sentensi. Pembeni yake kulikuwa na alama ya vyema, kubwa, ya penseli, ya mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameipita mara zote mbili bila kuliona kosa. Akanisukumia mimi, nikaisoma, nami nikaona binti ana haki. Mwalimu wa taaluma akaisoma pia. Walitia alama kila mmoja peke yake, kisha wakageuza karatasi, na zote mbili zilikuwa na namba ile ile.

Mwalimu wa taaluma akafungua faili, akaitoa ile fomu yenye saini, akamkabidhi Bi Penseli aichane mwenyewe. Kisha akasema ataitetea insha hii mbele ya kamati kwa mdomo wake, na kwamba karatasi yangu ya majibu itasomwa yote, pamoja na ile sentensi ya kosa. Binti akauliza kama kosa lile litampunguzia alama. Shemeji akasema litampunguzia moja, kwa kuwa kosa ni kosa. Kimya akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa chenji sahihi.

Alisimama kuondoka, akafika mlangoni, akageuka. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

"Mwalimu, siku ile mbona hukuniuliza hivi?"

Sisi watu wazima tuna majibu mengi kwa maswali ya namna hiyo. Muda ulikuwa mfinyu, wanafunzi walikuwa wengi, amri ilitoka juu. Yote yangekuwa ya kweli. Mwalimu wa taaluma alikuwa tayari ameshaandaa moja, nililiona usoni mwake. Shemeji alimtazama binti machoni, akachukua muda wake wote, na hakuna aliyemgongea meza.

"Kwa sababu sikujua kuuliza," akamwambia. "Wewe ulikuwa unajua kujibu."